Ryzen 5 5600 kwenye B450 ya mtumba: BIOS nitaiapdeti vipi na sina prosesa ya zamani?

MwanaBarani
Asalaam aleikum jamani. Niko Malindi. Nimenunua madabodi ya mtumba, MSI B450 Tomahawk, imekuja na basi kutoka Mombasa, mtupu haina prosesa. Prosesa ninayo mpya kwenye boksi lake, Ryzen 5 5600, pamoja na NVMe ya 500GB. Sijafunga chochote bado. Muuzaji ameniapia kwamba bodi inakubali prosesa za 5000, lakini nilipomuuliza BIOS iliyomo ni toleo gani, simu ikaanza kukatakata.

Sasa nauliza mawili. Nitajuaje kama BIOS iliyomo inaifahamu 5600 kabla sijapaka pesti na kukaza feni? Na kama haiifahamu, nitaiapdeti vipi wakati sina prosesa nyingine ya kuwashia? Kuna fundi hapa mjini anataka nimwachie kila kitu wiki nzima, na mimi roho haitaki.

KisumuNdogo254
Dada unajisumbua bure. Funga prosesa, washa. Ikiwaka imewaka, isipowaka ndio utafute BIOS. Prosesa haiungui kwa sababu ya BIOS ya zamani, hiyo ni hadithi ya mafundi wa kutisha watu.

MwanaBarani
Na isipowaka nitajuaje ni BIOS na si bodi mbovu? Ni mtumba, kumbuka.

FundiLangoni
Wa aleikum salaam dada. Kisumu Ndogo kasema kweli upande mmoja: prosesa haiungui. Lakini swali lako ndilo lenyewe. Bodi isiyoifahamu prosesa na bodi iliyokufa zinafanana sana kwa macho. Feni zinazunguka, skrini nyeusi, na kwenye Tomahawk ile taa ndogo iliyoandikwa CPU kwenye kundi la EZ Debug LED inabaki inawaka. Hakuna ujumbe wowote utakaokwambia "niapdeti". Ndiyo maana mimi kwa bodi ya mtumba huanza na BIOS, prosesa baadaye. Nikishajua BIOS ni sahihi, nikiona taa ya CPU najua nitafute kwingine.

Toleo lililomo huwezi kulisoma bila kuwasha mashine. Kibandiko cha kwenye boksi kinachosema bodi iko tayari kwa Ryzen fulani ni cha siku ilipotoka kiwandani, na boksi la mtumba laweza kuwa la bodi nyingine kabisa. Kwa hiyo usihangaike kulijua. Wewe andika toleo jipya juu yake, yaishe.

Bahati yako ni kwamba Tomahawk ina kitufe nyuma, pale kwenye matundu ya USB, kimeandikwa Flash BIOS. Ndani yake kuna chipu ndogo ya pembeni inayojitegemea, inasoma faili kwenye flashi na kuliandika kwenye chipu ya BIOS. Haihitaji prosesa, RAM wala kadi ya picha. Inahitaji pawasaplai na flashi basi.

Ila kabla hujapakua kitu niambie: kwenye bodi yenyewe au kwenye boksi imeandikwa Tomahawk tupu, au Tomahawk MAX?

KisumuNdogo254
Namba ya bodi ni MS-7C02, imechapwa kwenye bodi yenyewe, nimeshamtafutia. Dada chukua faili linaloanza na 7C02v3, ndilo jipya zaidi. v1 ni za zamani.

FundiLangoni
Hapana, subiri. Hapo ndipo watu wanapopotea, na kosa si lao, ni la namba.

Tomahawk ya 2018 na Tomahawk MAX iliyokuja 2019 zote zimechapwa MS-7C02. Bodi ni karibu ileile. Tofauti kubwa iko kwenye chipu ya BIOS: ya kwanza ina megabaiti 16, MAX ina 32. Matoleo yanayoanza na v1 ni ya Tomahawk tupu. Yanayoanza na v3 ni ya MAX. v3 si mpya kuliko v1, ni ya bodi nyingine. Dada akichukua v3 na bodi yake si MAX, anajaribu kumimina galoni mbili kwenye galoni moja.

Namna ya kujihakikishia: ukishafungua lile zip, ndani utakuta faili la jina kama hili,

```
E7C02AMS.1xx   -> B450 Tomahawk
E7C02AMS.3xx   -> B450 Tomahawk MAX
```

hizo xx ni namba ya toleo. Bofya kulia uangalie ukubwa wake. La Tomahawk tupu ni megabaiti 16, la MAX ni 32. Ukubwa haudanganyi.

MwanaBarani
Yangu ni Tomahawk tupu. Neno MAX halipo popote, nimeangalia kwa tochi. Sasa wasiwasi ndio umezidi, hiyo ya megabaiti 16 itaikubali 5600 kweli?

FundiLangoni
Itaikubali. Ufinyu wa chipu ndio uliofanya 2020 AMD waseme mwanzoni kwamba bodi za B450 hazitapata Ryzen za 5000. Watu wakapiga kelele, na mwezi wa tano mwaka huohuo wakarudi nyuma. Lakini nafasi haikuongezeka, kwa hiyo watengenezaji wa bodi ilibidi watoe vitu ndani ili vipya viingie. MSI waliondoa prosesa za kale za A-series kwenye orodha, na ule uso wa BIOS wenye mapambo wakaubadilisha kwa uso wa kawaida. Ukiingia ukaona BIOS imekonda tofauti na video za mtandaoni, usidhani umeweka faili bovu.

Ingia ukurasa wa bodi yako kwenye tovuti ya MSI, sehemu ya Compatibility, tafuta 5600 kwenye orodha ya prosesa. Mbele yake kuna safu inayotaja toleo la BIOS inaloanzia. Angalia vizuri maana 5600X ilitoka 2020 na 5600 yako ilitoka 2022, hazianzii toleo moja. Mtu anaona "Ryzen 5000" kwenye maelezo ya BIOS ya 2021 anafurahi, kumbe hiyo ni kwa ajili ya X na wenzake. Chukua toleo hilo lililotajwa au la juu yake.

ShelaPwani
Samahani kuingilia, na mimi nina jambo kama hilo. Niko Shela, Lamu. Nina Dell OptiPlex 7010 ya duka, nimenunua NVMe na kile kiadapta cha kuchomeka kwenye PCIe. Windows inaiona vizuri, nimehamishia kila kitu humo. Lakini nikiitoa hard disk ya zamani mashine inasema hakuna pa kuanzia. Nimeapdeti BIOS ya Dell hadi ya mwisho, hali ni ileile. Kwa hiyo BIOS haikuingia sawasawa?

FundiLangoni
Ami, BIOS yako imeingia. Lako si toleo. Nakuja kwako, ngoja nimalize na dada kwanza.

Dada, hatua zenyewe. Flashi iwe ndogo na ya kawaida, ya 8GB au 16GB, ifomatiwe FAT32. Faili lile ulilolitoa kwenye zip libadilishe jina liwe `MSI.ROM` na uliweke juu kabisa kwenye flashi, si ndani ya folda. Bodi iweke juu ya boksi lake la karatasi, mezani pakavu. Chomeka nyaya mbili za pawasaplai: ule mpana wa pini 24, na ule wa prosesa wa pini 8 ulioko kona ya juu. Huo wa pili watu wengi hawauchomeki kwa kuwa hakuna prosesa, halafu wanasema kitufe kimekufa. Chomeka flashi kwenye lile tundu moja la USB lililoandikwa Flash BIOS, si jingine lolote. Washa swichi ya pawasaplai nyuma. Bodi haitawaka, sawa, ndivyo inavyotakiwa. Halafu shika kitufe sekunde 3 hadi 5 mpaka taa yake ianze kumweka.

Ikimweka mfululizo dakika kadhaa, inaandika. Ikimaliza taa inazima yenyewe. Ikimweka mara chache tu ikanyamaza, haikuliona faili.

Gongoni_Tek
Na stima? Huku kwetu Gongoni inakatika bila hodi. Mimi B450M yangu haikuwa na kitufe, nikawa naapdeti kutoka ndani ya BIOS kwa prosesa ya zamani, stima ikaondoka katikati. Bodi ikawa kigae. Ilibidi iende Mombasa kwa mtu mwenye mashine ya CH341A, akabana klipu juu ya chipu, akaandika upya.

FundiLangoni
Pole. Kwa bodi kama yako isiyo na kitufe UPS ni lazima, hata ile ndogo ya kushikilia dakika kumi. Kwa dada hatari ni ndogo kwa sababu ile chipu ya pembeni haiguswi na uandishi. Stima ikikatika katikati, BIOS inabaki nusu, lakini kitufe bado kinafanya kazi. Stima ikirudi anaanza upya. Bado ningependa atumie UPS kama ipo.

Na kuhusu CH341A, anayetaka kujaribu asome kwanza namba ya chipu. Ziko za volti 3.3 na ziko za volti 1.8, na hizi za pili zinataka kiadapta cha kushusha volti. Ukiibana chipu ya 1.8 moja kwa moja unaiua.

KisumuNdogo254
Au akope prosesa ya zamani kwa mtu, Ryzen 3 1200 au 2600, awashe, aapdeti, airudishe. Mimi ndivyo nilivyofanya.

FundiLangoni
Njia hiyo ni sawa, na kwa bodi zisizo na kitufe ndiyo njia. Ila usikope zile A-series za mwanzo ukategemea kuendelea kuzitumia baadaye. Kama nilivyosema, BIOS mpya imeziondoa, ukishaapdeti haitawaka nazo tena. Utadhani umeua bodi kumbe inasubiri Ryzen.

MwanaBarani
Nimejaribu. Taa imemweka kama mara tatu ikaacha. Nimerudia, vilevile. Nyaya zote mbili ziko, tundu ni lile lenye maandishi. Jina ni MSI.ROM.

FundiLangoni
Flashi ni ya ukubwa gani, na umeifomati wapi?

MwanaBarani
64GB. Windows haikunipa FAT32 kwenye orodha, ilinipa exFAT na NTFS, nikachagua exFAT nikidhani ni kitu kimoja.

FundiLangoni
Ndiyo hiyo. exFAT haisomeki na kile kichipu. Tafuta ndogo. Ukiipata, isafishe kabisa kwa diskpart, maana nyingine zimegawanywa kwa GPT na hiyo nayo inaleta matata:

```
list disk
select disk N
clean
convert mbr
create partition primary
format fs=fat32 quick
assign
```

N ni namba ya flashi yako kwenye ile orodha. Iangalie kwa ukubwa wake, mara mbili, kabla ya kubonyeza `clean`. Ukichagua 0 kwa mazoea unafuta diski ya kompyuta, na haiulizi.

ReceptionWatamu
Habari zenu. Naona mnaongelea prosesa, basi nisaidieni. Mashine ya ofisini ilikuwa na Ryzen 3 3200G, BIOS ilishaapdetiwa, leo tumeweka 5600G. Imewaka lakini imeniletea maandishi meupe, "New CPU installed, fTPM/PSP NV corrupted", inataka nibonyeze Y au N. Nibonyeze ipi? Bosi anasimama hapa.

KisumuNdogo254
Bonyeza Y. Mimi nilibonyeza Y, haikuwa na shida.

FundiLangoni
USIBONYEZE Y kwanza. Soma mstari wa chini yake, unataja BitLocker. Kama diski hiyo imefungwa kwa BitLocker, funguo ziko ndani ya hiyo fTPM, na Y inazifuta. Baada ya hapo Windows itakudai nambari ya tarakimu 48, na usipokuwa nayo data ya hoteli imebaki ndani.

Bonyeza N. Kumbukumbu ya zamani inabaki. Kisha tafuta hiyo nambari: kama mashine iliingizwa kwa akaunti ya Microsoft, iko kwenye `aka.ms/myrecoverykey`, fungua kwa simu. Ukikosa, zima, rudisha ile 3200G, washa Windows kama kawaida, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi:

```
manage-bde -status C:
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0
```

Ya kwanza inakwambia kama diski imefungwa. Ya pili inasimamisha ulinzi bila kufungua data yote, na itabaki imesimama hadi uirudishe kwa `-enable`. Hapo ndipo uweke 5600G na ubonyeze Y kwa amani. KisumuNdogo hakupata shida kwa sababu diski yake haikuwa imefungwa.

KisumuNdogo254
Kweli, mimi sina BitLocker. Sikujua Y inafuta.

ReceptionWatamu
Nambari imepatikana, ilikuwa kwenye akaunti ya bosi mwenyewe. Ahsante sana. Ameondoka hapa sasa.

MwanaBarani
Nimerudi. Nimeazima flashi ya 8GB kwa jirani. Safari hii taa imemweka mfululizo, nikaiacha nikaenda kuepua wali, niliporudi imezima. Nimefunga prosesa, RAM mbili, na kadi ya picha ya kaka yangu, GTX 1050 Ti. Nimewasha: taa ya CPU imewaka ikazima, ikaja ya DRAM, ikakaa, ikakaa. Nikataka kuzima.

FundiLangoni
Usizime. Mara ya kwanza inajipimia RAM, yaweza kuchukua dakika moja au mbili, na inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe. Na vizuri umeweka kadi ya picha. 5600 isiyo na G haina picha ndani yake, waya wa HDMI ukichomekwa kwenye bodi utaona giza hata BIOS iwe mpya namna gani.

MwanaBarani
Imewaka!! BIOS inasema E7C02AMS.1 na namba zake, na imeandika Ryzen 5 5600 jina kamili. Uso wake umekonda kweli kama ulivyosema. NVMe nayo imeonekana. Ila ni ya PCIe 4, inasoma kama 3500 tu, boksi linasema 7000.

FundiLangoni
Mabruk. NVMe haina tatizo. B450 ni PCIe 3.0, na hapo 3500 ndiyo dari yake. Hakuna BIOS itakayoongeza. Ukihamia bodi ya B550 siku moja, itakimbia.

MwanaBarani
Sawa, hiyo nimeridhika nayo. Imebaki moja. RAM zangu ni 3200, sasa zinakwenda 2400. Nikiwasha A-XMP mashine inajizungusha mara tatu halafu inarudi 2400. Hii nayo ni BIOS?

FundiLangoni
Zimekaa matundu yapi? Zinatakiwa ziwe la pili na la nne kuhesabu kutoka kwa prosesa, yaani DIMMA2 na DIMMB2. Kama ziko hapo tayari, niambie ni aina gani na kama zilinunuliwa pamoja au mojamoja.

MwanaBarani
Ziko hapo hapo. Moja ilikuwa kwenye kompyuta ya kaka, nyingine nilinunua mwezi jana. Majina tofauti.

FundiLangoni
Basi ndoa haijakubali. Jaribu kila moja peke yake na A-XMP, uone ipi inayogoma. Halafu zikiwa pamoja weka 3000 kwa mkono badala ya 3200. Sitaki kukuahidi.

ShelaPwani
Fundi, na mimi?

FundiLangoni
Sijakusahau ami. Kuonekana na Windows ni jambo moja, kuwashia mashine ni jingine. Windows ikishaamka ina dreva yake ya NVMe, ndiyo maana inaiona. Lakini kabla Windows haijaamka ni BIOS peke yake, na BIOS ya 7010 ni ya enzi za 2012, haina kipande cha NVMe ndani. Dell hawakukiongeza hata kwenye toleo la mwisho. Kwa hiyo umeapdeti sawa, ila unachokitafuta hakimo humo.

Una njia tatu. Kuna watu wanaofungua faili la BIOS kwa UEFITool, wanachomeka kile kipande, na kuliandika tena. Imewafanyia kazi wengi, ila mimi kwa mashine ya duka ninayoitegemea sifanyi. Ya pili ni kuweka Clover kwenye flashi ndogo ikae nyuma ya mashine daima: mashine inaamkia kwenye flashi, flashi inaipokeza kwa NVMe. Ya tatu ni kuweka SSD ya SATA kwa Windows na hiyo NVMe ibaki ya mafaili.

Gongoni_Tek
Kuna NVMe moja inayowaka hata kwenye bodi za kale, Samsung 950 Pro. Nimeiona kwa macho kwenye mashine ya zamani kama hiyo.

FundiLangoni
Kweli, 950 Pro ilitoka 2015 ikiwa na kipande chake ndani yenyewe, haitegemei cha BIOS. Za Samsung zilizofuata hazina. Ukiikuta Lamu nipigie na mimi nije niione.

ShelaPwani
Hiyo flashi ya Clover, ikitolewa na mtoto mashine haiwaki?

FundiLangoni
Haiwaki mpaka irudishwe.

ShelaPwani
Basi niambieni SSD ya SATA ya 240 ni bei gani Mokowe siku hizi.

Gongoni_Tek
Mokowe sijui, ila Malindi mjini ziko. Naweza kukupakilia kwenye basi la asubuhi.